Jinsi ya Kupanga Insha Kuhusu Ugatuzi na Utoaji wa Huduma: Mfano wa Huduma za Uzazi Nchini Kenya

Swali hili huja kwa sura mbalimbali katika mitihani ya siasa, utawala na sera za umma, lakini kiini chake ni kimoja: "Ugatuzi huboresha utoaji wa huduma. Jadili ukirejelea Kenya." Wanafunzi wengi hulijibu kwa kuorodhesha hoja tano za kuunga mkono na tano za kupinga, kisha humalizia kwa kusema kwamba ugatuzi una faida na hasara zake. Insha ya namna hiyo haina kosa kubwa ndani yake, ila haijibu swali, kwa kuwa msomaji humaliza kuisoma bila kujua kama mama mjamzito wa Wajir au wa Makueni anahudumiwa vizuri zaidi kuliko kabla ya serikali za kaunti kuanza kazi mwaka 2013, na ikiwa ndivyo, kama ni ugatuzi uliomfikisha hapo. Mpango unaofuata ni wa insha ya maneno 1,500 hivi, na kila hatua inalenga kuliweka swali hilo la pili mbele ya macho ya mwandishi.

Hatua ya kwanza: yapime maneno ya swali kabla ya kuchukua upande

Maneno mawili yanahitaji kubainishwa katika aya ya kwanza. La kwanza ni ugatuzi. Nchini Kenya neno hili lina maana ya kikatiba: Katiba ya 2010 iliunda serikali 47 za kaunti, kila moja ikiwa na gavana na bunge lililochaguliwa na wananchi, na Jedwali la Nne likagawa majukumu kati ya serikali hizo na serikali ya kitaifa. Huduma za afya za kaunti, zikiwemo hospitali, zahanati na magari ya wagonjwa, zilikabidhiwa kaunti, huku sera ya afya na hospitali za rufaa za kitaifa zikibaki Nairobi. Hali hii ni tofauti na kupeleka maofisa mashinani. Kabla ya 2013 kulikuwa na maofisa wa afya katika kila wilaya, lakini waliajiriwa na wizara, walihamishwa na wizara, na waliwajibika kwa wizara. Mwanafunzi akipenda kuonyesha tofauti hiyo kwa mfano wa jirani, Tanzania inafaa: halmashauri zake zina madiwani waliochaguliwa, ilhali mkurugenzi mtendaji wa halmashauri huteuliwa na serikali kuu. Sentensi moja yatosha. Insha isihamie Dodoma.

Neno la pili ni kuboresha, na hapa ndipo insha nyingi hupotelea. Huduma inaweza kuwa karibu zaidi bila kuwa bora zaidi, na inaweza kuwa bora kwa wastani wa nchi huku watu wa kaunti moja wakiachwa nyuma. Ibara ya 174 ya Katiba inataja, miongoni mwa malengo ya ugatuzi, huduma zilizo karibu na zinazofikika kwa urahisi kote nchini. Kwa hiyo kipimo cha kwanza cha haki ni ukaribu, kwa sababu ndicho ambacho ugatuzi wenyewe uliahidi. Ongeza vipimo viwili tu, yaani ubora wa huduma anayoipata mtu akishafika kituoni, na usawa kati ya kaunti na kaunti. Vipimo hivi vitatu vitarudi katika kila sehemu ya insha, hivyo vitajwe mapema na kwa mpangilio huo huo.

Hatua ya pili: chagua huduma moja na uifuate hadi kitandani

Insha inayogusa barabara, maji, kilimo, shule za chekechea na afya katika maneno 1,500 haina nafasi ya kuthibitisha lolote. Ninapendekeza huduma za uzazi kwa sababu ziligatuliwa, zina takwimu zinazolinganishika za kabla na baada, na zinaonyesha waziwazi njia ambayo shilingi na mfanyakazi hupitia kabla ya kumfikia mgonjwa. Mwanafunzi anayezijua vizuri huduma za maji anaweza kuzichagua hizo. Masharti ni mawili tu, kwamba jukumu liwe limekabidhiwa kaunti kweli na kwamba kuwe na vipimo vya pande zote mbili za mwaka 2013. Elimu ya msingi, kwa mfano, haifai kabisa, kwani walimu wake bado wako chini ya tume ya kitaifa, na ni ajabu jinsi inavyojitokeza mara nyingi katika majibu ya mitihani.

Baada ya uchaguzi huo, andika msimamo wa insha katika sentensi moja kabla ya kuandika kitu kingine. Mfano: "Ugatuzi umesogeza huduma za uzazi karibu na wananchi wa kaunti zilizokuwa zimesahaulika, lakini ubora wa huduma hizo umetegemea mambo ambayo ugatuzi wenyewe haukuyatatua, yaani fedha kufika kwa wakati, usimamizi wa wahudumu, na mamlaka ya hospitali juu ya mapato yake." Sentensi hii ni ndefu, lakini inamwambia msahihishaji aya zitakazofuata na sababu ya kufuatana kwake.

Hatua ya tatu: jenga hoja za kuunga mkono juu ya fedha na uamuzi

Hoja ya kwanza ni ya mgawanyo wa fedha. Ibara ya 203 inaagiza kwamba kaunti zipate angalau asilimia 15 ya mapato yaliyokusanywa na serikali ya kitaifa, kwa kufuata hesabu za karibuni zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Mgao huo ulikuwa shilingi bilioni 190 katika mwaka wa fedha wa 2013/14, na ukafika bilioni 370 mwaka 2021/22. Kiwango chenyewe si hoja kamili, kwa kuwa bei pia zilipanda na majukumu yalikuwa mengi. Hoja iko katika namna fedha zilivyogawanywa. Katika fomula ya kwanza, asilimia 45 ilifuata idadi ya watu, asilimia 25 iligawanywa sawa kwa kaunti zote, asilimia 20 ilifuata umaskini, asilimia 8 ukubwa wa eneo, na asilimia 2 nidhamu ya matumizi. Maana yake ni kwamba, katika ile robo iliyogawanywa sawa, Lamu yenye watu wachache ilipata kiasi kile kile kilichopata Nairobi. Kwa mara ya kwanza, maeneo ya kaskazini na ya wafugaji yalipata fedha kwa kanuni iliyoandikwa, wala si kwa kuwa na waziri anayesikilizwa Ikulu. Aya hii ndiyo msingi wa kipimo cha usawa.

Hoja ya pili ni kwamba uamuzi unaweza kufuata mahitaji ya mahali. Mfano mzuri ni Makueni chini ya Gavana Kivutha Kibwana, ambako kaunti ilianzisha mpango wake wa matibabu ambapo familia ililipa ada ya shilingi 500 kwa mwaka na kuhudumiwa katika hospitali za kaunti hiyo bila malipo zaidi ya hapo kwa huduma zilizomo katika mpango. Wizara iliyoko Nairobi isingeweza kuujaribu mpango huo katika kaunti moja bila kuulizwa na nyingine zote. Mwanafunzi aeleze jambo hilo wazi: thamani ya mfano huu ni kuonyesha kwamba ugatuzi uliruhusu jaribio. Kuutumia kama uthibitisho kwamba kaunti zote 47 zilifanya vivyo hivyo ni kosa la kimantiki, nalo huadhibiwa.

Hoja ya tatu, ya uwajibikaji, ipewe nafasi ndogo. Ni kweli kwamba gavana anaweza kung'olewa na wapiga kura na kwamba ushiriki wa umma ni takwa la Katiba, lakini mwanafunzi asiyeweza kuonyesha bajeti iliyobadilika baada ya kikao cha wananchi anapaswa kuitaja kama uwezekano tu, kisha aendelee.

Hatua ya nne: katika hoja za kupinga, tafuta mahali ambapo mnyororo umekatika

Sehemu hii ndiyo yenye utajiri zaidi, na inastahili maneno 500 hivi. Makosa ya kawaida ni kuijaza neno ufisadi. Ufisadi ulikuwako kabla ya 2013 na uko katika ngazi zote mbili, kwa hiyo kuutaja bila zaidi hakuelezi athari ya ugatuzi. Uliza badala yake: ni kitu gani kilichoharibika kwa sababu mamlaka yalihama?

Jibu la kwanza ni wafanyakazi. Katiba iliruhusu majukumu yahamishwe hatua kwa hatua ndani ya miaka mitatu, lakini huduma za afya zilihamishwa Agosti 2013, miezi michache tu baada ya magavana wa kwanza kuapishwa, huku kaunti nyingi zikiwa bado zinaunda bodi za utumishi na mifumo ya mishahara. Madaktari na wauguzi walijikuta na waajiri 47 badala ya mmoja. Hapo awali wizara ingeweza kumhamisha daktari bingwa kutoka Nyeri hadi Garissa. Baada ya ugatuzi hakukuwa na mamlaka nyepesi ya kufanya hivyo, na kaunti zisizopendwa na wataalamu zikabaki kuwavutia kwa mshahara au kukosa. Mvutano kuhusu nani atekeleze makubaliano ya mishahara ulichangia mgomo wa madaktari ulioanza Desemba 2016 na kudumu siku 100, na mwaka 2017 wauguzi nao wakagoma kwa miezi mitano. Wakati wa migomo hiyo, wodi nyingi za uzazi za umma zilifungwa au zilihudumia wachache. Aya hii isiseme kwamba ugatuzi ndio uliozua migomo, maana wahudumu wa afya walikuwa wakigoma hata chini ya wizara. Iseme kwamba ugatuzi ulifanya kusiwe na mtu mmoja mwenye uwezo wa kuimaliza.

Jibu la pili ni fedha kuchelewa. Mgao wa kaunti hupitia sheria mbili za kila mwaka, ile ya kugawanya mapato kati ya ngazi mbili za serikali na ile ya kugawanya fungu la kaunti miongoni mwa kaunti zenyewe, kisha Hazina ya Kitaifa hutoa fedha kwa awamu na Mdhibiti wa Bajeti huidhinisha zitolewe katika mfuko wa kaunti. Mwaka 2020 Seneti ilivutana kwa miezi kuhusu fomula ya tatu, na mvutano ukaisha Septemba, wakati mwaka wa fedha ulianza Julai. Fedha zikichelewa, mishahara hulipwa kwanza, na kinachosubiri ni dawa. Kaunti huagiza dawa kwa sehemu kubwa kutoka Mamlaka ya Usambazaji wa Dawa Kenya, na kaunti yenye deni kubwa hupata shida ya kupelekewa shehena mpya. Hivyo ndivyo malumbano ya maseneta jijini yanavyoweza kuishia kwa mama kuambiwa anunue glavu na uzi wa kushonea katika duka la dawa lililo nje ya lango la hospitali.

Jibu la tatu halijulikani sana kwa wanafunzi, na kwa maoni yangu ndilo lenye nguvu kuliko yote. Ugatuzi ulishusha mamlaka kutoka Nairobi hadi makao makuu ya kaunti, lakini katika kaunti nyingi uliyanyanyua mamlaka mengine kutoka hospitalini hadi makao makuu hayo hayo. Kabla ya 2013, hospitali ilikusanya ada kutoka kwa wagonjwa, ikaziweka katika akaunti yake, na kamati yake ikaamua kununua mafuta ya jenereta au sabuni. Ibara ya 207 ilipoanza kutumika kwa kaunti, mapato yote ya kaunti yalitakiwa kuingia katika Mfuko wa Mapato wa Kaunti, na kwa tafsiri ya kaunti nyingi ada za hospitali zilikuwa sehemu ya mapato hayo. Mganga mkuu wa hospitali akawa anakusanya fedha asizoweza kuzitumia, na anaandika barua kwa idara ya fedha kuomba kiasi kidogo cha ada alizozikusanya mwenyewe. Baadhi ya kaunti zilipitisha sheria za kuzirudishia hospitali haki hiyo. Nchi nzima ilisubiri hadi Sheria ya Ufadhili wa Uboreshaji wa Vituo ya 2023. Mwanafunzi anayeandika hoja hii anaonyesha kwamba tatizo linaweza kuwa ugatuzi uliokomea njiani, na hoja hiyo humpeleka moja kwa moja kwenye hitimisho.

Kuna mifano mingine miwili inayoweza kutumika kama kiungo. Mwaka 2015 serikali ya kitaifa iliingia mikataba ya kukodisha vifaa vya matibabu kwa hospitali 98, nyingi zikiwa za kaunti, na uchunguzi wa Seneti uliofuata ukaonyesha vifaa vilivyokaa bila kazi kwa kukosa wataalamu au umeme. Hapo serikali kuu ndiyo iliyoamua bila kujua hali ya hospitali ilivyo, kwa hiyo mfano huu unaimarisha upande wa ugatuzi, ingawa wengi huuweka upande wa kupinga. Mfano wa pili unaelekea upande mwingine: Februari 2020 Kaunti ya Nairobi ilikabidhi baadhi ya majukumu yake, yakiwemo ya afya, kwa serikali ya kitaifa, na shirika lililoundwa kuyasimamia likajenga vituo vya afya katika mitaa ya mabanda hadi lilipomaliza muda wake 2022. Mwanafunzi mwangalifu atauliza kama matokeo hayo yalitokana na kurudisha mamlaka katikati au na fedha na msukumo wa kisiasa kutoka Ikulu, ambavyo kaunti haikuvipata.

Hatua ya tano: ipime takwimu moja kikamilifu

Insha inahitaji takwimu moja iliyochambuliwa, wala si kumi zilizomwagwa. Tumia sehemu ya vizazi vilivyosaidiwa na mhudumu mwenye ujuzi, kwa mujibu wa Utafiti wa Demografia na Afya wa Kenya: asilimia 44 katika utafiti wa 2008/09, asilimia 62 mwaka 2014, na asilimia 89 mwaka 2022.

Mwanafunzi wa kwanza ataandika kwamba kupanda kutoka 62 hadi 89 kunathibitisha mafanikio ya ugatuzi. Wa pili atagawanya. Kati ya utafiti wa kwanza na wa pili kuna ongezeko la pointi 18 katika takriban miaka mitano na nusu, yaani pointi tatu na ushei kwa mwaka. Kati ya wa pili na wa tatu kuna pointi 27 katika takriban miaka minane kasoro, nazo pia ni pointi tatu na ushei kwa mwaka. Utafiti wa 2014 uliuliza kuhusu vizazi vya miaka mitano iliyotangulia, kwa hiyo vingi vya vizazi hivyo vilitokea kabla kaunti hazijakabidhiwa hospitali. Kasi ilikuwapo tayari, na ugatuzi haukuibadilisha sana.

Jambo la pili la kuonyesha ni kwamba tarehe 1 Juni 2013, miezi miwili kabla ya huduma za afya kuhamishwa, serikali ya kitaifa ilifuta ada za kujifungua katika hospitali za umma, na mwaka 2016 ikaanzisha mpango wa Linda Mama. Mambo mawili makubwa yalitokea karibu wakati mmoja, na wastani wa nchi hauwezi kuyatenganisha. Kinachoweza kusaidia kidogo ni kulinganisha kaunti na kaunti, kwani sera ya kufuta ada ilikuwa moja kwa wote ilhali uongozi wa kaunti ulitofautiana.

Uchambuzi huu usigeuzwe kuwa hukumu ya upande wa pili. Kupandisha kiwango kutoka 44 hadi 62 ni kuwafikia walio karibu na barabara; kukipandisha kutoka 62 hadi 89 kunadai kuwafikia wanaoishi mbali, na kudumisha kasi ile ile katika sehemu hiyo ngumu ni jambo linaloweza kuhesabiwa kwa ugatuzi. Hata hivyo kaunti kama Turkana na Mandera bado zilikuwa nyuma sana ya wastani mwaka 2022. Andika tafsiri zote mbili, kisha useme unayoiona kuwa na uzito zaidi na kwa nini.

Hatua ya sita: andika hitimisho lenye masharti

Hitimisho lenye mizani halina maana ya kugawa ushindi nusu kwa nusu. Linaeleza chini ya masharti gani upande mmoja ni sahihi. Rudia vile vipimo vitatu kwa mpangilio wake na upe kila kimoja jibu lake, kwa maneno kama haya:

"Kwa kipimo cha ukaribu, ugatuzi umetimiza sehemu kubwa ya ahadi yake, kwa kuwa fedha zilizofuata fomula zilizifikia kaunti zilizokuwa zikisubiri hisani ya wizara. Kwa kipimo cha ubora, ushahidi ni dhaifu zaidi: kasi ya kuongezeka kwa vizazi salama haikutofautiana sana na ya kabla ya 2013, na migomo pamoja na uhaba wa dawa vilionyesha kwamba mamlaka yalihama kabla ya mifumo ya mishahara na malipo kuwa tayari. Kwa kipimo cha usawa, tofauti kati ya kaunti zimebaki kubwa, ingawa sasa zinatokana na uongozi wa kaunti pia, si na Nairobi peke yake. Kwa hiyo ugatuzi huboresha huduma pale ambapo fedha hufika kwa wakati, wahudumu wana mwajiri anayeweza kuwalipa, na hospitali yenyewe ina mamlaka juu ya mapato yake. Pasipo hayo, huhamisha tatizo kutoka wizara hadi kaunti."

Kuhusu mgao wa maneno, utangulizi na ufafanuzi vichukue 200, hoja za kuunga mkono 350, za kupinga 500, uchambuzi wa takwimu 250, na hitimisho 200. Katika mtihani wa dakika 45, dakika saba za kwanza zitumike kuandika sentensi ya msimamo na vipimo vitatu pembeni mwa karatasi. Muda ukikukimbia, ondoa aya ya uwajibikaji na ile mifano miwili ya kiungo, lakini uchambuzi wa takwimu usiuguse.